Vikapu vya Iringa vilivyofichika nyuma ya ukurasa wa kumi: kisa cha duka jipya kwenye utafutaji wa Etsy

Dada yangu wa kwa mama mdogo anaishi Columbus, Ohio. Alifungua duka kwenye Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono, la kuuza vikapu vya Iringa, vile vinavyosukwa kwa milulu, alivyobebewa kwenye mabegi mawili na shoga yake aliyekuwa akirudi kutoka Tanzania. Wiki ya sita akanitumia sauti ya WhatsApp: "Mdogo wangu, hebu niangalizie hili duka. Nikitafuta mwenyewe naliona, tena juu kabisa. Wateja ndio hawalioni."

Hali ilikuwa hivi. Alikuwa na kurasa tisa za bidhaa, kikapu kimoja kwa kila ukurasa. Aliuza kimoja tu, na mnunuzi alikuwa mwenzake wa kazini aliyetumiwa kiungo. Mimi nauza mtandaoni kwa miaka kadhaa na nimeshalia kilio hicho hicho, kwa hiyo tuliketi jioni tatu kwa simu, yeye na laptopu yake, mimi na daftari.

Jambo la kwanza nililomwomba ni afungue dirisha la faragha kwenye kivinjari, asiingie kwenye akaunti yake, kisha aandike yale maneno anayotafutia, "african basket". Tukapita ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Hakuna kitu. Kimya kidogo kwenye simu, halafu: "Kumbe nilikuwa najiona kwenye kioo changu mwenyewe."

Ndivyo ilivyo. Matokeo ya Etsy hupangwa pia kwa kufuata mazoea ya anayetafuta, na yeye alikuwa ameshafungua kurasa zake mara mia. Muuzaji anayepima nafasi yake kwa akaunti yake hupata jibu la kumfurahisha na la uongo. Hata dirisha la faragha halitoi nafasi moja ya kweli, maana mtu wa Texas na mtu wa London hawaoni orodha moja. Linakuondolea tu upendeleo wako kwako.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Etsy imewaeleza wauzaji wake kwamba utafutaji hupita hatua mbili. Kwanza mtambo unakusanya bidhaa zote zinazooana na maneno aliyoandika mteja, ukiangalia kichwa, tegi, yaani maneno mafupi anayoyaweka muuzaji ili bidhaa ipatikane, kundi la bidhaa, sifa kama rangi na ukubwa, na maelezo. Baada ya hapo unazipanga, na hapo ndipo vinaingia vitu vingine: watu waliowahi kuoneshwa bidhaa hiyo walifanya nini, duka linawahudumiaje wateja, usafirishaji ni bei gani, na ukurasa ni mpya au mkongwe. Masoko mengine makubwa yana vipimo na majina yao, lakini mchanganyiko haupishani sana.

Watu wengi hudhani vitu hivi vinajumlishwa tu kama alama za mtihani, ukikosa huku unafidia kule. Sivyo. Kuoana na maneno ni mlango. Usipooana huingii ndani kabisa, hata uwe na mauzo elfu. Ukishaingia, kuoana peke yake hakukusogezi mbele sana, kwa sababu humo ndani wote wameoana.

Dada alikuwa ameshaingia mlangoni, ila alichagua mlango wenye msongamano kuliko yote. Etsy inampa muuzaji tegi 13 kwa kila bidhaa, kila moja isizidi herufi 20, nafasi zikihesabiwa. Yeye alitumia sita tu, nazo zilikuwa hizi:

```
basket
handmade
africa
gift
home decor
kikapu
```

Tegi ya neno moja "basket" inakushindanisha na kila kikapu kilichopo sokoni, cha nguo chafu, cha baiskeli, cha Pasaka. "Kikapu" ni neno letu zuri, lakini mnunuzi wa Ohio haliandiki. Na "gift" ndiyo iliyonikera zaidi, kwa sababu inamleta mtu asiyetafuta kikapu. Kwa nini huyo ni hasara na si bahati, nitaeleza muda si mrefu.

Nilimuuliza, "Dada, hiki kidogo chenye mistari ya zambarau, watu hukifanyia nini huko?" Akasema wazungu wa kazini kwake huweka ndani yake chungu cha maua. Chungu cha ukubwa gani? Akaenda kupima kwa rula. Kikapu kilikuwa na mdomo wa kuingia chungu cha inchi sita bila kukwama. Hapo tukapata maneno ambayo mtu huyaandika akiwa tayari ameshika pochi mkononi:

```
iringa basket
tanzania basket
small planter basket
6 inch pot cover
woven fruit basket
```

Ya tatu ina herufi 20 kamili, tulizihesabu kwa vidole. Tukajaza zote 13. Mpangilio wa tegi haujalishi, na hakuna haja ya kupoteza moja kwa umoja na nyingine kwa wingi, kwa kuwa mtambo unatambua shina la neno. Kinachosaidia ni kirai kizima kufanana na alichoandika mteja.

Wauzaji wengi wapya huishia hapa, wakiamini wamemaliza kazi. Ugumu wenyewe uko kwenye historia ya mauzo, kitu ambacho mgeni hana na hawezi kukinunua.

Mtambo haujui kikapu kizuri ni kipi. Unachojua ni kwamba bidhaa hii imeoneshwa kwa watu kadhaa, kadhaa wakabofya, kadhaa wakaweka alama ya moyo, kadhaa wakalipa. Kwa bidhaa mpya hesabu yote ni sifuri kwa sifuri. Wahandisi wa utafutaji huizunguka shida hii kwa mbinu ya zamani ya takwimu: wanamkopesha mgeni wastani wa soko, kisha matokeo yake halisi yanauondoa mkopo huo kidogo kidogo. Nilimchorea dada mfano. Namba ni zangu za kufundishia, si kanuni ya siri ya Etsy. Tuseme wastani wa soko ni mauzo 2 kwa kila mibofyo 100:

```
alama = (mauzo + 2) / (mibofyo + 100)
```

Duka kongwe lenye mauzo 300 kwa mibofyo 10,000 linapata 302 kugawanya kwa 10,100, yaani karibu asilimia 3. Bidhaa mpya kabisa inapata 2 kwa 100, asilimia 2. Mgeni hajaachwa mbali. Amechukuliwa kama mtu wa kawaida mpaka athibitishe vingine. Sasa mgeni huyo akipata mauzo 1 katika mibofyo 20, alama yake ni 3 kwa 120, asilimia 2.5. Anapanda. Akipata mibofyo 60 bila mauzo hata moja, ni 2 kwa 160, asilimia 1.25. Ameporomoka kuliko siku aliyofungua.

Rudi sasa kwenye tegi ya "gift". Anayetafuta zawadi akabofya kikapu kwa udadisi na kuondoka, ameacha mbofyo usio na mauzo. Kwa duka kongwe mbofyo huo ni tone baharini. Kwa mgeni ni sehemu kubwa ya historia yake yote. Kwa hiyo shida ya muuzaji mpya si kuonekana na wachache tu. Kuonekana na wasiohusika kunamuumiza zaidi, na ndiyo maana mimi sikubaliani na ushauri wa kumwaga maneno mengi mapana "ili duka lijulikane".

Historia hiyo, zaidi ya yote, hukaa kwenye ukurasa wa bidhaa. Hili ndilo kosa la dada lililojificha kuliko mengine. Alikuwa na vikapu vinne vya ukubwa mmoja, vyenye mistari inayofanana, na kila kimoja alikipiga picha na kukifungulia ukurasa wake, idadi 1. Aliona ndio uaminifu, kwamba mteja apate kikapu kilekile alichokiona. Nia njema. Lakini kikiuzwa, ukurasa umekwisha na historia yake imezikwa nao, na kikapu kinachofuata kinaanza tena sifuri kwa sifuri. Mibofyo kumi iliyogawanywa kwenye kurasa nne haimfundishi mtambo chochote.

Tukaviunganisha. Ukurasa mmoja wa kikapu kidogo, idadi 4, chaguo la rangi ya mistari, na sentensi ya wazi kwamba kila kimoja kimesukwa kwa mkono na hutofautiana kidogo na cha pichani. Kikiuzwa kimoja, ukurasa unabaki na senti 20 za Marekani zinakatwa tena za kuurudisha hewani. Vile vya kipekee kweli, vikubwa vyenye mapambo, tuliviacha kila kimoja na ukurasa wake, tukijua kwamba hivyo vitategemea zaidi maneno na picha kuliko historia.

Akaniuliza kama zile kurasa za zamani azirekebishe au azifute. Kwa kawaida simshauri mtu afute ukurasa wenye mauzo, maana anatupa kitu cha pekee alichojengewa na wakati. Ila hizi zilikuwa na mibofyo tupu iliyotokana na maneno mabaya, hakuna mauzo, hakuna maoni. Hapo hakuna cha kuokoa. Tulizifunga, tukaandika upya.

Kuandika upya kuna faida nyingine ndogo. Etsy huupa ukurasa mpya msukumo wa muda, ili mtambo upate kujua watu wanaupokeaje. Msukumo huo hudumu saa chache mpaka siku chache, na ukurasa uliofanyiwa upya kwa kulipia huupata pia, kidogo. Dada alishalisikia hili mahali, na kwa wiki tatu alikuwa akifanya upya kurasa zote tisa kila siku, ingawa ukurasa ukilipiwa unakaa hewani miezi minne. Senti 20 mara tisa ni dola 1.80, mara siku 21 ni dola 37.80. Zimeenda. "Bei ya kikapu kimoja hiyo," alisema. Na alichonunua kwa hela hiyo ni kuoneshwa tena na tena kwa watu walewale wasiohusika, akiwa na picha ileile ya giza iliyopigwa juu ya kochi. Msukumo ni mtihani unaoletewa mapema. Ukiuingia hujajiandaa, unafeli mapema.

Kwa hiyo safari hii hakuna ukurasa uliorudi hewani kabla picha na bei ya usafirishaji hazijakaa sawa. Picha ilikuwa rahisi: dirishani asubuhi, ukuta mweupe, chungu chenye mmea ndani ya kikapu, na picha ya pili yenye rula pembeni. Ile ya rula naithamini kuliko zote, kwa sababu inamzuia mtu aliyetaka kikapu cha nguo asije akanunua na kurudisha.

Usafirishaji ndio uliotutoa jasho. Kwa mauzo ya ndani ya Marekani, Etsy hutanguliza bidhaa ambazo mteja anatozwa chini ya dola 6 za kusafirishiwa. Dada alikuwa anatoza zaidi ya dola 20, na hakuwa mwizi, ndivyo alivyotajiwa posta. Hakuelewa kwa nini kikapu kisichofika hata ratili mbili kiwe na nauli kama ya gunia.

Sababu ni boksi. Posta ya Marekani, boksi likizidi futi moja ya ujazo, yaani inchi 1,728 za ujazo, haitozi uzito wa mizani peke yake. Inachukua urefu mara upana mara kimo, inagawanya kwa 166, na ukipatikana uzito mkubwa kuliko wa mizani, ndio unaotozwa. Boksi lake lilikuwa inchi 16 kwa 16 kwa 12. Hiyo ni 3,072, ukigawanya kwa 166 unapata 18.5, wanapandisha kuwa 19. Alikuwa akilipia ratili 19 za hewa. Boksi la 12 kwa 12 kwa 12 ni 1,728 kamili, halijazidi, na hapo linatozwa kwa uzito wake wa kweli. Kikapu cha chungu cha inchi sita kinaingia humo na karatasi za kukikinga zinabaki na nafasi.

Kipimo hicho ndicho kilichoamua duka lifunguliwe upya na bidhaa gani. Yeye alipenda kutanguliza vikapu vikubwa, vina sura na faida. Nikamwambia vikubwa vikae kwanza. Kidogo kikapandishwa bei kwa dola chache ili kubeba sehemu ya nauli, na usafirishaji ukaandikwa dola 5.50. Mteja analipa jumla ileile au pungufu, lakini kwenye orodha ya matokeo anaona kitu tofauti, na mtambo nao vilevile.

Kabla ya kungoja mauzo, tulitaka kujua kama maneno yetu yana mashiko. Takwimu za duka alizokuwa akizitazama dada zilionesha waliofika, si waliompita. Tukaweka tangazo la kulipia la dola 1 kwa siku, kiwango cha chini kabisa, kwa siku 14. Sikulitegemea lilete mauzo. Dashibodi ya matangazo huonesha kwa kila neno umeoneshwa mara ngapi na umebofywa mara ngapi, na hiyo ndiyo niliyoitaka. Kwa "african basket" ukurasa ulioneshwa mara 1,140, mibofyo 7. Kwa "iringa basket" ulioneshwa mara 62, mibofyo 6.

Dada aliitazama ile 62 kwa masikitiko. "Watu sitini na mbili tu, dunia nzima?" Ndiyo, ni wachache. Lakini kwa kila kumi walioona, mmoja alibofya, wakati kwa neno pana alibofya mmoja kati ya zaidi ya 160. Na kwenye neno hilo jembamba maduka makongwe yenye historia nzito si mengi. Muuzaji mpya hana uwezo wa kuongeza historia yake kwa siku moja, ila ana uwezo wa kuchagua uwanja ambao historia ya wengine ni nyepesi. Hicho ndicho kitu kikubwa kilichoko mkononi mwake.

Dalili husomeka kwa kufuata njia ya mteja. Ukioneshwa sana bila kubofywa, angalia picha ya kwanza, bei, na kama neno lenyewe linakuhusu. Ukibofywa bila mioyo wala oda, ukurasa haujajibu swali, mara nyingi ni vipimo. Mtu akifika mpaka kwenye malipo akakimbia, tazama nauli.

Kipengele cha tatu baada ya maneno na historia ya mauzo, utendaji wa muuzaji, kilijitokeza chenyewe kwenye oda ya nne. Etsy huangalia maoni ya wateja, malalamiko yaliyofunguliwa, na kama duka limejaza sera zake na maelezo ya mwenye duka. Hayo mawili ya mwisho yalitugharimu nusu saa, na sielewi kwa nini watu huyaacha wazi. Lakini oda ya nne iliingia Ijumaa jioni dada akiwa na zamu mbili mfululizo kazini. Alikuwa ameahidi kutuma ndani ya siku 1 hadi 2. Kikapu kilitoka Jumatano. Mteja aliandika mara moja, akajibiwa baada ya siku mbili, akatoa nyota 3.

Nyota tano, tano, tano na tatu, wastani 4.5. Duka lenye maoni 200 lingeimeza hiyo tatu bila mtu kujua. Kwangu mimi, utendaji mzuri haukupandishi sana mwanzoni, kwa sababu hakuna ushahidi wa kutosha. Utendaji mbaya unakushusha upesi, kwa sababu hiyohiyo. Ni breki zaidi ya injini.

Tulichofanya hakikuwa kuahidi bidii. Tulibadilisha muda wa kuandaa oda ukawa siku 3 hadi 5, akaweka jibu la moja kwa moja kwa ujumbe unaoingia akiwa zamuni, na maboksi matano akayakunja tayari chini ya kitanda. Ahadi ya siku tano inayotimizwa siku ya tatu inamfaa kuliko ahadi ya siku mbili inayovunjwa. Shangazi mmoja wa Tanga aliposikia habari ya nyota, alijitolea kukusanya ndugu wanunue kimoja kimoja waandike sifa. Tulimshukuru tukakataa. Kupika maoni kunakatazwa na sheria za soko, na mauzo ya ndugu yasingetufundisha chochote kuhusu mgeni aliyeandika "6 inch pot cover" saa nne za usiku.

Miezi mitatu baada ya kufungua upya, ukurasa wa kikapu kidogo ulikuwa na mauzo 11, saba kati ya hayo kutokana na utafutaji. Kwa "iringa basket" kwenye dirisha la faragha tuliukuta kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo, mstari wa nne, na siku nyingine wa sita. Kwa "african basket" bado hatujauona, na kwa mauzo 11 sitarajii. Vile vikubwa viwili vyenye mapambo viko bado kwenye kona ya sebule Columbus. Kimoja dada ameanza kuwekea nguo za mtoto, na sasa anasema hata akipata mteja hakiuzi.